Umri Umezidi Mwaka Mmoja: Kutafuta Kosa Kwenye Hesabu ya Mwaka wa Kuzaliwa

Orodha imejazwa vizuri, tarehe za kuzaliwa zimenakiliwa kutoka kwenye vyeti, na safu ya umri imepatikana kwa kutoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka huu. Halafu watu wanaanza kuja mezani kusema wameongezewa mwaka. Si wote, ni baadhi tu. Anayekagua anapitia tarehe moja moja akitafuta aliyekosea kuchapa, na hampati, kwa kuwa hakuna aliyekosea kuchapa. Tatizo limo kwenye hesabu yenyewe.

Umri tunaoandika kwenye fomu ni idadi ya miaka ambayo mtu amekwisha kuitimiza. Mwaka wa kalenda hubadilika tarehe 1 Januari kwa watu wote kwa mkupuo, lakini umri wa kila mtu hubadilika siku yake mwenyewe. Ukitoa mwaka kwenye mwaka, unamhesabia mtu mwaka mzima tangu asubuhi ya Januari mosi, hata kama siku yake ya kuzaliwa iko Desemba. Kwa lugha ya nyumbani tungesema huyo "anaingia" miaka kumi na minane. Fomu inauliza kama ameimaliza.

Tuchukue tarehe moja inayojulikana, 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania. Sharti la kupiga kura ni kuwa raia aliyetimiza miaka 18. Mbele yetu wako vijana watatu, wote wa mwaka 2007: Neema alizaliwa 3 Machi, Juma 29 Oktoba, na Rehema 12 Novemba. Hesabu ya kutoa inawapa wote jibu lilelile:

```
2025 - 2007 = 18
```

Kwa Neema jibu ni sahihi, alitimiza tangu Machi. Kwa Juma ni sahihi pia, maana siku hiyohiyo ndiyo anatimiza. Kwa Rehema si sahihi. Amebakiza siku 14, na siku ya kura yeye ni mtu wa miaka 17.

Hapo kuna jambo la kushika kabla ya kwenda mbele, kwa sababu ndilo linaloongoza utafutaji wote wa kosa. Kutoa mwaka kwa mwaka kunaleta jibu sahihi au jibu lililozidi kwa mwaka mmoja. Hakupunguzi kamwe, wala hakuzidishi kwa miaka miwili. Kwa hiyo ukiona mtu ameongezewa mwaka mmoja kamili, na siku yake ya kuzaliwa bado haijafika mwaka huu, umeshampata mhusika. Ukiona umri umepungua, au umezidi kwa miwili, kumi au mia, acha kulaumu kutoa. Tarehe yenyewe imeharibika mahali, na hilo tutalifikia chini.

Kwa nini kosa hili hujificha

Orodha moja inaweza kuonekana mbovu Januari na nzima Desemba bila mtu kuigusa. Wanaokosewa ni wale tu ambao siku zao bado ziko mbele, na idadi yao inapungua kadiri mwaka unavyosonga. Tarehe 2 Januari karibu kila mtu kwenye orodha amezidishiwa mwaka, isipokuwa waliozaliwa siku mbili za mwanzo. Tarehe 29 Oktoba zimebaki siku 63 za mwaka, kwa hiyo kama siku za kuzaliwa zimetawanyika sawasawa, takribani mtu mmoja kati ya sita ana umri usio wake. Tarehe 31 Desemba hakuna hata mmoja. Ndiyo maana fomula iliyojaribiwa mwishoni mwa mwaka ikapita majaribio yote huleta vurugu wiki ya kwanza ya mwaka mpya.

Kuna kificho kingine ambacho kwetu ni cha kawaida. Pale siku halisi ya kuzaliwa haijulikani, waandikishaji wengi huweka 1 Januari. Tarehe hiyo haiwezi kuonyesha kosa hili hata kidogo, kwa kuwa Januari mosi huwa imeshapita. Orodha iliyojaa wazee wenye tarehe za 01/01 itaonekana safi, na fomula mbovu itapewa cheti cha uzima. Ukitaka kupima fomula, usiipime kwa tarehe hizo. Ipime kwa mtu ambaye siku yake ni kesho.

Kipimo cha haraka: tarakimu nane

Njia ya kichwani ni hii: toa mwaka kwa mwaka, kisha uliza kama siku yake ya mwaka huu imeshafika. Imefika au ni leo, acha jibu lilivyo. Haijafika, punguza moja. Linganisha mwezi kwanza, na siku uiangalie pale tu miezi inapofanana. Wanaokosea hapa ni wale wanaolinganisha siku kabla ya mwezi: wanaona 12 ni ndogo kuliko 29, wanasema siku ya Rehema imepita, ilhali mwezi wake wa 11 bado haujaingia.

Kwa kikokotoo cha simu kuna njia isiyohitaji kufikiri hivyo. Andika kila tarehe kwa tarakimu nane, mwaka ukitangulia, halafu mwezi kwa tarakimu mbili, halafu siku kwa tarakimu mbili. Toa tarehe ya kuzaliwa kwenye tarehe unayoipimia, kisha funika tarakimu nne za mwisho. Zilizobaki kushoto ni umri.

```
20251029 - 20070303 = 180726   -> 18   (Neema)
20251029 - 20071029 = 180000   -> 18   (Juma)
20251029 - 20071112 = 179917   -> 17   (Rehema)
```

Inafanya kazi kwa sababu ya kukopa kulekule tulikofundishwa darasani. Mwezi na siku ya leo vikiwa pungufu kuliko vya kuzaliwa, 1029 haiwezi kutoa 1112, basi inakopa moja kutoka upande wa mwaka. Mkopo huo ndio ule mwaka ambao haujatimia. Tarakimu nne ulizozifunika hazina maana yoyote: 0726 ya Neema si miezi saba na siku ishirini na sita kwa uhakika, hata kama safari hii imeangukia hapo, na 9917 ya Rehema inaonyesha wazi kuwa si miezi. Zitupe.

Mtoto mchanga hupimwa vivyo hivyo. Aliyezaliwa 20 Novemba 2024 anapata 20251029 kutoa 20241120, yaani 9909. Ukifunika tarakimu nne hakibaki kitu, kwa hiyo ana miaka sifuri. Kutoa mwaka kungemwita mtoto wa mwaka mmoja. Kwa mtoto wa umri huu, hata hivyo, miaka ni kipimo kikubwa mno. Kadi ya kliniki hutaka miezi na wiki.

Tanzania kipimo hiki kina urahisi wa ziada, kwa sababu namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio huohuo wa mwaka, mwezi, siku. Chukua nane za mwanzo kama zilivyo. Zikitofautiana na tarehe iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, hapo una shida ya nyaraka, na hakuna fomula itakayoimaliza.

Swali linalosahaulika: umri wa lini?

Umri hauna maana bila tarehe unayopimia. Kijana kama Rehema akipimwa siku anapojaza fomu ni mwingine, akipimwa siku ya kura ni mwingine, akipimwa siku ya kuripoti chuoni ni mwingine tena. Watu wawili wakibishana juu ya umri wa mtu mmoja na wote wamehesabu vizuri, mara nyingi kila mmoja ametumia tarehe yake. Andika tarehe ya kupimia juu ya orodha kabla ya jina la kwanza.

Ikiwa kinachotakiwa ni kujua tu nani amefika umri fulani, hata huhitaji kuhesabu umri. Rudisha nyuma tarehe ya kupimia kwa miaka inayotakiwa upate tarehe ya mpaka. Kwa miaka 18 tarehe 29 Oktoba 2025, mpaka ni 29 Oktoba 2007. Aliyezaliwa siku hiyo au kabla yake amefika, aliyezaliwa baada yake hajafika. Bandika tarehe hiyo mezani. Mwandikishaji analinganisha cheti na karatasi, na hesabu yote imefutika. Tungeshauri njia hii kuliko nyingine zote penye foleni.

Kwenye kikomo cha juu kosa linaumiza kwa upande wa pili. Matangazo ya ajira hupenda kuandika "umri usiozidi miaka 45". Mtu aliyezaliwa Desemba 1979 akiomba Oktoba 2025 atahesabiwa 46 na kuondolewa, ilhali miaka aliyoitimiza ni 45. Huyu halalamiki, kwa sababu hajui kwa nini hakuitwa.

Kurekebisha kwenye Excel

Tuseme tarehe ya kuzaliwa iko kwenye seli B2. Fomula inayoleta matatizo huwa ni hii, au ndugu yake:

```
=YEAR(TODAY())-YEAR(B2)
```

Weka tarehe ya kupimia kwenye seli moja, tuseme E1, kisha andika:

```
=DATEDIF(B2,$E$1,"Y")
```

Excel haikuletei `DATEDIF` kwenye orodha ya mapendekezo unapoanza kuchapa, kwa hiyo iandike yote mwenyewe. Kompyuta ikikataa alama ya mkato, jaribu nukta-mkato. Inategemea mpangilio wa nchi. Herufi `"Y"` ndiyo inayodai miaka iliyotimia. Tumetumia E1 badala ya `TODAY()` kwa makusudi: `TODAY()` hubadilika kila faili linapofunguliwa, na orodha uliyochapisha Jumatatu haitalingana na ile iliyoko kwenye kompyuta Ijumaa.

Kabla ya kufuta safu ya zamani, ongeza safu ya muda inayoonyesha ni nani waliokuwa wamezidishiwa:

```
=YEAR($E$1)-YEAR(B2)-DATEDIF(B2,$E$1,"Y")
```

Jibu ni 0 au 1. Chuja wenye 1 na utazame tarehe zao. Wote wanapaswa kuwa wamezaliwa kati ya 30 Oktoba na 31 Desemba, kama tarehe yako ya kupimia ni 29 Oktoba. Hao ndio wa kurekebishiwa kwenye nakala zilizokwisha kutolewa.

Wanaotumia hifadhidata wawe macho na majina yanayofanana. Kwenye SQL Server, `DATEDIFF(year, ...)` huhesabu mara ngapi Januari mosi imevukwa, yaani ni kutoa mwaka kwa mwaka kwa jina lingine: kutoka 31 Desemba hadi kesho yake inasema mwaka mmoja. Kwenye MySQL, `TIMESTAMPDIFF(YEAR, ...)` huhesabu miaka iliyotimia.

Umri unakosea siku chache tu karibu na siku ya kuzaliwa

Hii ni dalili ya mtu aliyegundua kosa la kwanza akalitibu kwa kugawanya siku. Anahesabu siku zote tangu kuzaliwa kisha anagawa kwa 365. Miaka mirefu yenye siku 366 inamzidi mbio: mtu wa miaka 60 ameishi na siku za ziada zipatazo 15, kwa hiyo karatasi itamstaafisha nusu mwezi kabla ya wakati.

Kugawa kwa 365.25 kunapunguza kosa ila hakuliondoi. Aliyezaliwa 14 Juni 2008 anatimiza miaka 18 tarehe 14 Juni 2026. Kati ya tarehe hizo zimepita siku 6574, kwa sababu ndani yake mna Februari nne tu zenye siku 29: za 2012, 2016, 2020 na 2024. Ukigawa 6574 kwa 365.25 unapata 17.9986, na ukikata desimali kijana anabaki na miaka 17 siku ya sherehe yake. Kesho yake karatasi inamkubali. Ukisikia "mfumo ulimkataa jana, leo umempitisha", tafuta namba 365 ndani ya fomula.

Umri umezidi au umepungua kupita kiasi

Hapa kutoa hakuhusiki. Tarehe imesomwa vibaya.

Mtu ana miaka 120. Aliyejaza alijua mwaka tu, akaandika 1950 kwenye safu ya tarehe. Excel huhesabu siku tangu mwanzo wa 1900, kwa hiyo 1950 kwake ni siku ya 1950, ambayo ni 3 Mei 1905. Mwaka wowote wa karne hii au iliyopita ukiandikwa peke yake utaangukia 1905, na ndiyo maana mzee wa 1950 na mtoto wa 2015 wote wanatokea na umri uleule. Ukiona umri mmoja wa ajabu ukijirudia, ni hilo.

Umri ni hasi, au `DATEDIF` inatoa `#NUM!`. Mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili. Kwa kawaida Excel huzichukulia 00 hadi 29 kuwa za miaka ya 2000 na 30 hadi 99 kuwa za 1900, ingawa mpangilio wa kompyuta unaweza kusogeza mpaka huo. Bibi wa 1928 aliyeandikwa 28 anakuwa wa 2028, hajazaliwa bado. Kila mara andika mwaka kwa tarakimu nne.

Umri unaonekana wa kawaida lakini bado umezidi mwaka mmoja, na fomula ni nzuri. Hili ndilo gumu kuliko yote. Sisi huandika siku kwanza, lakini kompyuta nyingi hufika zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Kijana wa 5 Novemba 2007 anaandikwa 05/11/2007, kompyuta inasoma 11 Mei 2007, na tarehe 29 Oktoba 2025 anapewa miaka 18 badala ya 17. Hakuna alama ya kosa popote. Kinachoisaliti orodha ni majirani zake: tarehe kama 25/11/2007 haiwezi kugeuzwa, hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo inabaki kama maandishi na kukaa upande wa kushoto wa seli. Pitisha

```
=ISNUMBER(B2)
```

kwenye safu yote. Mchanganyiko wa `TRUE` na `FALSE` unamaanisha zile zenye `TRUE` huenda zimegeuzwa, si kwamba ni salama. Usirekebishe zile za `FALSE` peke yake ukaridhika. Badili mpangilio wa tarehe wa kompyuta, kisha ingiza safu yote upya kutoka kwenye chanzo.

Aliyezaliwa 29 Februari

Mwaka wa kawaida hauna siku yake. Kwa kipimo cha tarakimu nane, aliyezaliwa 29 Februari 2008 bado ana miaka 17 tarehe 28 Februari 2026, na anatimiza 18 Machi mosi. `DATEDIF` inakubaliana na hilo. Lakini fomula zinazosogeza tarehe mbele kwa miezi, kama `EDATE`, humrudisha 28 Februari. Kwa hiyo mifumo miwili ya ofisi moja inaweza kutofautiana kwa siku moja bila kosa la mtu. Kinachoamua ni kanuni ya mahali husika. Iandike chini ya orodha ili anayefuata asianze ubishi upya.

Unapojua mwaka peke yake

Kama hakuna siku wala mwezi, jibu la uaminifu ni namba mbili. Aliyezaliwa 1950, siku yoyote ya 2025 kabla ya Desemba 31, ana miaka 74 au 75. Andika hivyo, "74 au 75", na weka mwaka kwenye safu yake pekee badala ya kumbandikia 1 Januari, kwa sababu Januari mosi humpa daima ule umri mkubwa. Mpaka unaotafuta ukiwa nje ya namba hizo mbili, huna haja ya kujua zaidi: kwa sharti la miaka 60, huyu amepita vyovyote iwavyo. Ukiangukia kwenye namba hizo, omba cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo au kadi ya kliniki.

Mahali ambapo kutoa mwaka ni sahihi

Usirekebishe kisichoharibika. Mashindano mengi ya vijana ya mpira huweka mpaka kwa mwaka wa kuzaliwa. Kombe la Dunia la FIFA la chini ya miaka 17 la mwaka 2023 lilifungulia wachezaji waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2006. Kijana wa Januari 2006 alikuwa ameshatimiza 17 mashindano yalipoanza Novemba, na bado alikuwa halali. Hapo 2023 kutoa 2006 ndiyo hesabu inayotakiwa, na kocha atakayeingiza `DATEDIF` kwenye orodha ya timu atawaacha nyumbani wachezaji aliokuwa na haki ya kuwapanga.